Sindano na Sufuria: Hesabu ya Mbwa Mmoja wa Nyumbani

Mwenye mbwa akitajiwa shilingi elfu hamsini za chanjo hushtuka, huuliza kama kuna punguzo, kisha huondoka akiahidi kurudi mwisho wa mwezi. Mtu huyohuyo hupita sokoni kila Jumamosi akanunua dagaa wa mbwa na unga wa mbwa, na wala hafikirii kwamba ametumia pesa. Elfu tatu ya leo haiumi, na ya wiki ijayo haiumi pia. Ukimwuliza kipi kinamgharimu zaidi, chakula au chanjo, atasema chanjo bila kusita. Amekosea, isipokuwa kwa kipindi kimoja kifupi katika maisha ya mbwa, na kwa bahati mbaya hicho ndicho kipindi ambacho chanjo ikikosekana mbwa huzikwa.

Tupige hesabu ya mbwa mmoja. Yuko Dar es Salaam, ni wa kienyeji mwenye damu ya kuchanganya, analinda geti usiku na kulala mchana chini ya mwembe. Ana kilo 15. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, maana bei ya Kariakoo si ya Mbezi na ya mwaka huu si ya mwakani. Anayesoma aondoe zangu aweke za mtaani kwake. Njia ya hesabu haibadiliki.

Mbwa wa kilo 15 aliyekwisha kukua anahitaji takriban kalori 900 kwa siku, kalori zilezile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula vyetu. Aliyehasiwa hupungua kidogo, anayekimbizana na pikipiki mchana kutwa huongezeka. Hizo kalori 900 ndizo zinazonunuliwa, hata kama dukani tunadhani tunanunua kilo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa chakula chochote ni hili: shilingi ngapi zinanipatia chakula cha siku nzima?

Tuanze na sufuria. Gramu 200 za unga wa dona, kama kikombe kimoja na nusu cha chai, hutoa kalori zipatazo 700. Ongeza gramu 50 za dagaa wakavu, yaani konzi mbili za dagaa wa Mwanza waliooshwa mchanga vizuri, na kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia. Hapo umefika. Unga ukipikwa laini unakuwa ugali wa zaidi ya nusu kilo, dagaa wanachemshwa humohumo pamoja na mifupa yao, na mbwa hatoki na njaa. Dagaa ndio wanaobeba mlo huu. Ndani yao kuna protini ambayo dona haina ya kutosha, na ile mifupa midogo inampa mbwa madini ya chokaa ambayo nyama tupu isingempa. Mara moja kwa wiki badilisha sehemu ya dagaa kwa kipande cha maini. Chumvi haina haja, na vitunguu usiweke kabisa, kwa sababu huharibu chembe za damu za mbwa. Ndiyo maana mabaki ya pilau si chakula chake, hata akiyalilia mlangoni.

Kama dona ni shilingi 1,800 kwa kilo na dagaa 10,000 kwa kilo, mlo huo ni shilingi 360 za unga, 500 za dagaa na kama 40 za mafuta. Weka 200 za gesi au mkaa. Jumla 1,100 kwa siku. Kwa mwaka ni kama laki nne.

Sasa chakula kikavu cha dukani. Kilo moja huwa na kalori zipatazo 3,500, kwa hiyo mbwa wetu anahitaji kama gramu 250 kwa siku, na kilo moja inamtosha siku nne. Huo ni mtihani mzuri wa kujua kama unapima sawasawa: mfuko wa kilo 8 ukikwisha katika wiki mbili kwa mbwa wa ukubwa huu, ama unamnenepesha, ama kuna kuku au panya wanaokula naye. Kilo ikiwa 9,000, siku moja ni shilingi 2,250, na mwaka unapita laki nane. Chakula cha kopo ni ghali zaidi kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa karibu robo tatu ya kopo au zaidi ni maji. Mbwa wa kilo 15 angehitaji makopo makubwa mawili au zaidi kila siku. Kopo ni la kumbembeleza mgonjwa, si la kulishia mlinzi.

Katika kubana matumizi ya chakula, watu huanguka mahali palepale. Wa kwanza ni pumba. Pumba za mahindi ni rahisi, zinajaza tumbo, na mbwa anaonekana ameshiba. Lakini sehemu kubwa ya pumba mbwa haimeng'enyi, inapita tu. Utaiona uani asubuhi: kinyesi kikubwa, kingi, chepesi, huku mgongo wa mbwa ukianza kuonyesha pingili. Mpapase mbavu. Kwa mbwa aliyelishwa sawa, vidole vinazihisi mbavu bila kubonyeza sana, ingawa macho hayazihesabu moja moja. Ukizihesabu kwa macho, pumba zimekudanganya.

Wa pili ni hatari zaidi: unga ulioota kuvu. Mama anafungua gunia, anakuta mahindi ya chini yamelowa na kubadilika rangi, anasema haya tumpe mbwa. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha, na mbwa ni mmoja wa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Inashambulia ini. Mbwa anakataa kula, anatapika, macho na ufizi vinageuka njano, na daktari anapofika mara nyingi ini limekwisha kuharibika. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya, kwa hiyo si jambo la kutania. Mahindi yasiyofaa kwa watoto hayafai kwa mbwa.

Wa tatu ni chakula cha dukani kinachouzwa cha kupima, kilichofunguliwa kwenye gunia kubwa na kugawanywa katika mifuko ya plastiki. Bei inavutia kweli. Ila mafuta yaliyopakwa kwenye punje huchacha yakikaa wazi kwenye joto la Dar, vitamini nazo hupungua, na tarehe ya mwisho wa matumizi imebaki kwenye gunia ambalo hukuliona. Nusa kabla ya kulipa. Punje zenye harufu ya mafuta ya taa au rangi ya ukutani zimechacha.

Baada ya hayo yote ndipo tuiweke sindano pembeni ya sufuria. Mbwa aliyekwisha kukua huchanjwa mara moja kwa mwaka: kichaa cha mbwa, na ile ya mchanganyiko inayokinga parvo, distempa, homa ya ini ya mbwa na, katika nyingi, homa ya mgunda. Tuseme kliniki inatoza 15,000 kwa kichaa na 35,000 kwa mchanganyiko. Hiyo ndiyo elfu hamsini iliyomshtua mwenzetu. Igawe kwa siku 365, unapata kama shilingi 137 kwa siku, dhidi ya 1,100 za sufuria au 2,250 za mfuko. Chanjo ya mwaka mzima ni sawa na siku 45 za ugali na dagaa, au siku 22 za chakula cha dukani. Aliyeamua kumlisha mbwa wake chakula cha mfuko kisha akasema hana pesa ya chanjo, hesabu yake ina tatizo. Akirudi kwenye dona na dagaa kwa miezi miwili tu, anaokoa zaidi ya elfu sitini, na chanjo imelipika.

Lakini elfu hamsini inanunua nini hasa? Simama karibu na meza ya daktari wa mifugo uangalie. Chanjo ya mchanganyiko kwa kawaida huja katika vichupa viwili. Kimoja kina kidonge cheupe kilichokaushwa, hao ndio virusi hai waliodhoofishwa. Kingine kina maji, na mara nyingi sehemu ya homa ya mgunda iko humo kwenye maji. Daktari anavuta maji, anayaingiza kwenye kichupa cha kidonge, anatikisa taratibu mpaka kiyeyuke, kisha anavuta yote na kumchoma mbwa chini ya ngozi ya shingo. Vichupa hivyo vimetoka kwenye friji yenye nyuzi 2 hadi 8. Stika mbili zinabanduliwa na kubandikwa kwenye kadi, zikiwa na jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na daktari anatia sahihi na mhuri.

Sehemu kubwa ya unacholipia ni ule ubaridi. Chanjo hai iliyopata joto haibadiliki rangi wala harufu. Inakufa kimyakimya, na mbwa anachomwa maji tu. Ndiyo sababu sindano ya bei ya kutupa kutoka kwa mtu mwenye vichupa mfukoni inaweza kuwa ghali kuliko ya kliniki. Daktari akija nyumbani, tazama kama amebeba kiboksi chenye barafu, na kama anachanganya vichupa mbele yako. Akifika na bomba la sindano lililokwisha kujazwa tangu asubuhi, mshukuru kwa kuja na usimruhusu amchome mbwa. Kadi isiyo na stika nayo ni karatasi tu.

Sasa turudi kwenye kile kipindi kifupi nilichokitaja. Mtoto wa mbwa akifika nyumbani ana wiki 8, na kilo tatu au nne. Kawaida ni achomwe mchanganyiko akiwa na wiki 8, arudie wiki ya 12, arudie tena wiki ya 16, na kichaa achomwe kuanzia wiki ya 12. Kwa bei zetu ni mara tatu 35,000, jumlisha 15,000, yaani laki moja na elfu ishirini. Katika wiki hizo nane mtoto huyo hula karibu kama mbwa mkubwa kwa kuwa anakua, lakini hata ukimwekea elfu moja kwa siku, chakula chake chote hakifiki elfu sitini. Hapa chanjo ni mara mbili ya chakula. Hapa ndipo mwenye mbwa husema, "Dokta, si alishachomwa? Za nini tena?"

Swali hilo ni la haki na lina jibu. Katika maziwa ya kwanza mama humpa mtoto kinga yake. Kinga hiyo inamlinda kwa wiki kadhaa, lakini vilevile inaishambulia chanjo na kuizima kabla mwili wa mtoto haujajifunza kitu. Hupungua polepole, na kila mtoto ana siku yake: mmoja inaisha akiwa na wiki 8, ndugu yake wa tumbo moja wiki 12, mwingine karibu wiki 16. Hakuna anayejua kwa kumtazama. Sindano tatu si sehemu tatu za dawa moja. Ni majaribio matatu ya kuipata ile siku ambayo mlango umefunguka. Kwa watoto wengi ile ya wiki 8 haikuacha kitu mwilini, na aliyeishia hapo ana kadi nzuri na mbwa asiye na kinga.

Na parvo humngojea mlangoni. Virusi vyake hukaa kwenye udongo wa uani kwa miezi mingi, hustahimili jua na sabuni ya kawaida, na huingia nyumbani kwa soli ya kiatu. Siku chache baada ya kuambukizwa, mtoto wa mbwa anakataa chakula, anatapika, kisha anaharisha damu yenye harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau. Hakuna dawa ya kawaida ya kuua kirusi chenyewe. Anawekewa dripu, anazuiwa kutapika, anakingwa na bakteria wanaopenya kwenye utumbo uliochubuka, na mnangoja. Kliniki ikitoza 40,000 kwa siku, siku tano ni laki mbili, bila uhakika wa kumpata akiwa hai. Na akifa, mtoto mwingine asiyechanjwa akiletwa kwenye uwanja uleule mwezi ujao, atafuata.

Kwa asiye na laki moja na ishirini kuna njia ambayo wataalamu wa chanjo za wanyama wanaikubali, ingawa si ya kwanza kupendekezwa. Kama pesa inatosha sindano moja tu ya mchanganyiko, isichomwe wiki ya 8. Ingojwe mpaka mtoto afikishe wiki 16 au zaidi, kinga ya mama ikiwa imekwisha kwa karibu wote, na kichaa kichomwe siku hiyohiyo. Hapo elfu hamsini inafanya kazi kubwa kuliko ingefanya miezi miwili nyuma. Gharama yake ni kifungo: mpaka siku hiyo mtoto asitoke nje ya uzio, asiwekwe chini kwenye sakafu ya kliniki, na mbwa wa jirani wasiingie. Viatu vya nje viachwe mlangoni. Ni kamari iliyopunguzwa makali, na mwenye uwezo wa zile tatu asiicheze.

Mbwa akikua, kuna pa kuokoa kwa halali. Baada ya kurudia mchanganyiko karibu na umri wa mwaka mmoja, kinga ya parvo na distempa hudumu miaka mitatu au zaidi. Kinachohitaji kurudiwa kila mwaka katika kichupa kile ni homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya kwenye maji na matope, ambao jina lake Watanzania wengi walilisikia mara ya kwanza mwaka 2022 ulipozuka mkoani Lindi. Mwulize daktari kama anayo chanjo ya homa ya mgunda peke yake kwa ile miaka ya kati. Wengine wanayo na bei yake hupungua, wengine hawana, na hapo utachomwa mchanganyiko wote tena, jambo lisilo na madhara isipokuwa kwa mfuko. Anayeishi bondeni ambako maji hujaa kila masika asiiruke.

Kichaa cha mbwa nacho kina hesabu yake tofauti, kwa sababu anayelipa si mbwa peke yake. Mbwa asiyechanjwa akimng'ata mtoto wa jirani, jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtoto anaanza mfululizo wa sindano zinazogawanywa kwa siku kadhaa, na nauli ya kila siku, na jirani anakuja kudai. Dalili za kichaa zikishaanza, kwa binadamu karibu hakuna kupona. Shilingi 15,000 kwa mwaka ni kama siku 14 za sufuria. Na mara nyingine hata hiyo huhitaji kuitoa: serikali na mashirika huendesha kampeni za chanjo ya kichaa bila malipo, nyingi zikisogezwa karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Lengo ni kuwafikia mbwa 70 katika kila 100, kiwango ambacho ugonjwa hukosa pa kupita. Kisiwani Pemba kampeni za namna hiyo zilikitokomeza kichaa, kikarudi mwaka 2016, kikazimwa tena kwa chanjo. Ila kumbuka kwamba kampeni hizo huchanja kichaa tu. Wapo wanaotoka kwenye foleni wakidhani mbwa amemaliza chanjo zote, kisha parvo inawakuta.

Paka naye, kwa ufupi. Wa kilo 4 hula kama gramu 60 za chakula kikavu kwa siku, na chanjo zake ni mchanganyiko wa paka wenye magonjwa matatu, pamoja na kichaa. Kwa kuwa anakula kidogo na sindano haipimwi kwa kilo, kwake chanjo huchukua sehemu kubwa zaidi ya bajeti kuliko kwa mbwa. Usijaribu kubana upande wa chakula kwa kumpikia ugali wa mbwa. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha, anaipata kwenye nyama na samaki, na akiikosa kwa miezi mingi moyo na macho vinaharibika.

Kwa mwenye mbwa wetu wa kilo 15, elfu hamsini ikigawanywa kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 4,200 hivi, bei ya dagaa wasiofika nusu kilo. Kuna jambo moja zaidi linalopunguza bili. Daktari anayekuja nyumbani hutoza safari, tuseme 20,000, na safari hiyo ni ileile akichanja mbwa mmoja au sita. Majirani sita wakipanga Jumamosi moja, kila mmoja anatoa kama 3,300, na vichupa vinatoka kwenye boksi la barafu moja baada ya kingine bila kukaa kwenye joto. Mwenye kadi aje nayo, na aangalie mbwa wake hana homa wala hajaanza kuharisha siku hiyo, kwani aliye mgonjwa huahirishwa na nafasi yake kwenye safari inakuwa imelipiwa bure.